Maswali na majibu: Nani anaingia ndani ya protini, nani anabaki nje

Shikamoo mwalimu. Naomba orodha ya asidi amino zinazokaa ndani ya protini na zinazokaa nje. Mtihani ni Jumatatu.

Marahaba. Swali hili limenifikia mara tisa mwezi huu, na mara zote mtihani ni Jumatatu. Orodha unayoitaka ipo, imebandikwa kwenye kuta za hosteli nchi nzima, na ndiyo inayowakosesha maksi.

Ukitaka cha kukariri, kariri makundi, kisha kila kundi uliulize swali moja tu: mnyororo wako wa pembeni ukikutana na maji, unakuwaje? Valini, leusini, isoleusini, methionini na fenilalanini ni mafuta matupu, hazina cha kuyashikia maji. Alanini imo humo pia, ila ni ndogo mno hivyo haijali sana ilipo. Aspateti na glutameti zina chaji hasi, lisini na arginini zina chaji chanya, na hizo nne haziachani na maji bila kulipwa. Serini, threonini, asparajini na glutamini hazina chaji lakini zinashikana na maji kwa vifungo vya haidrojeni. Umebaki na sita zenye tabia za pekee: glaisini, prolini, sisteini, histidini, tirosini na triptofani. Hizo ndizo watunga mitihani wanazozipenda, na ndizo orodha ya ukutani inazozibandika popote.

Zinazochukia maji zinavutana zenyewe kwa zenyewe ndiyo maana zinakusanyika ndani, sivyo?

Sivyo. Walau si hapo mambo yanapoanzia.

Tazama matone ya mafuta juu ya mchuzi. Yanaungana, lakini anayeyasukuma ni maji. Molekuli za maji zinashikana mikono na kuachiana kila mara, kwa uhuru. Ukiweka katikati yao mnyororo wa leusini usio na pa kushika, maji yanayouzunguka yanalazimika kujipanga yakishikana yenyewe kwa yenyewe, na uhuru wao unapungua. Leusini kumi zikitawanyika, maji mengi yanafungwa hivyo. Zikirundikana pamoja, eneo linaloguswa na maji linapungua na maji yaliyofungwa yanaachiwa. Faida kubwa ya kukunja protini inatoka hapo. Mvutano wa mafuta kwa mafuta unakuja baadaye, yakishasongamana kama mawe ya ukuta uliojengwa vizuri, na unaongeza uimara.

Kuna jambo hukuuliza, lakini nitalisema kwa sababu karibu kila karatasi ninayosahihisha inalisahau. Leusini haiingii ndani peke yake. Inaburuta kipande chake cha uti wa mgongo wa protini, chenye NH na CO vinavyopenda maji. Vikifika ndani bila wa kushikana naye, hasara yake inakula faida yote. Heliksi alfa na bapa la beta ndiyo suluhisho: NH na CO vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe. Kwa hiyo usinieleze heliksi kwenye ukurasa mmoja na kiini cha mafuta kwenye ukurasa mwingine kana kwamba ni habari mbili.

Glaisini iko kundi gani?

Mnyororo wake wa pembeni ni haidrojeni moja. Iweke kundi utakalo, halafu itafute kwenye kona, mahali ambapo mwingine yeyote angebanwa.

Ticha, kitabu kimoja kinasema triptofani inachukia maji, kingine kinaipa alama hasi kwenye mizani ya Kyte na Doolittle. Nimwamini nani?

Waamini wote wawili, ila soma mizani ilivyotengenezwa. Kyte na Doolittle walichapisha mwaka 1982 mizani yao ya kupima asidi amino inavyochukia maji: alama ikipanda, chuki inapanda. Isoleusini iko juu kabisa kwa 4.5, arginini chini kabisa kwa -4.5, na triptofani imepata -0.9. Triptofani ni bapa kubwa la mafuta lenye NH moja pembeni. Ukipima bapa utasema ni ya ndani, na ukiipima hiyo NH utasita. Ndani ya protini mara nyingi hufanya yote mawili: bapa linazama kwenye mafuta, NH inatafuta jirani wa kushikana naye. Tirosini ni hivyohivyo, na OH yake huchungulia nje.

Ninachokataa ni mwanafunzi kuchukua namba ya asidi amino moja na kutangaza anwani yake. Mizani ile ilikusudiwa kusoma wastani wa kipande kizima cha mfuatano.

Nimepewa mfuatano huu, wanasema ni heliksi, nitabiri upande wa ndani. Nikiangalia naona mafuta na chaji zimechanganyika tu. Nianzie wapi?

```
VHLTPEEKSAVTALWGKV
```

Hili ndilo swali nililokuwa nalingoja. Kila herufi ni asidi amino moja, na hizo ni 18 za kwanza za mnyororo wa beta wa hemoglobini ya mtu mzima. Heliksi yenyewe, inayoitwa A, inaanzia kwenye ya 4.

Heliksi alfa inamaliza mzunguko mmoja kwa asidi amino 3.6, kwa hiyo kila moja imegeuka nyuzi 100 kutoka iliyotangulia. Mbili zinazofuatana zinatazama pande tofauti, ndiyo maana ukisoma mstari ulionyooka unaona mchanganyiko. Anayekaa upande mmoja na wewe ni wa tatu au wa nne kutoka kwako, kisha wa saba. Sasa anzia kwenye valini ya 11. Ongeza tatu: 14, leusini. Ongeza nne: 15, triptofani. Ongeza saba: 18, valini. Umepata mstari wa mafuta unaoteremka upande mmoja wa heliksi, na ndio unaoegemea mwili wa protini. Triptofani ya 15 inafanya hasa niliyoyasema juu: bapa limebanwa kati ya heliksi, na NH imeshikana na serini ya heliksi jirani. Geuza upande wa pili utakutana na glutameti ya 6, serini ya 9, alanini ya 13 na lisini ya 17. Huo ni upande wa maji. Alanini kuwemo humo kusikushtue, nimeshakwambia haijali sana.

Usiogope prolini ya 5 pia. Prolini haina NH ya kutoa kwenye heliksi, lakini mzunguko wa kwanza hauhitaji NH hizo. Ingekuwa katikati ya heliksi, ningekuuliza kwa nini.

Tahadhari mbili. Ukihesabu nyuzi, glutameti ya 7 inaangukia upande wa mafuta. Usiizamishe kwa sababu hesabu imesema hivyo. Hesabu hii inajua heliksi moja tu, haijui mwanzo wa heliksi umefunikwa na nini au haukufunikwa. Mnyororo mrefu wenye chaji ukiwa karibu na ncha utapinda kutafuta maji, au chaji kinyume ya kushikana nayo. Ya pili: ukiupata mfuatano huu kwenye hifadhidata, utakuta unaanza na M, methionini inayokatwa baadaye, na namba zote zinasogea moja. Kila mwaka kuna anayeniletea glutameti isiyo yake.

Dokta, kama valini ni ya ndani, mbona kwenye selimundu valini iko nje? Si ingejificha tu?

Ajifiche wapi? Nafasi ya 6 umeiona hapo juu: upande wa maji, mwanzoni mwa heliksi. Glutameti ikibadilishwa kuwa valini, heliksi haigeuki. Mafuta yote ya upande wa pili yanaishikilia palepale, na valini moja haiwezi kuyang'oa. Kwa hiyo hemoglobini ya selimundu inakunjika vizuri na inabeba oksijeni. Wanaoandika kwamba "protini imeharibika umbo" wanaikosa hadithi yote.

Kilichobadilika ni uso wake. Penye chaji hasi sasa pana kidoa cha mafuta, na maji hayakipendi. Oksijeni ikiwepo, hakuna pa kukificha. Hemoglobini ikiachia oksijeni, inabadili mkao, na kwenye mnyororo wa beta kunafunguka kishimo cha mafuta chenye fenilalanini ya 85 na leusini ya 88. Valini ya molekuli moja inaingia kwenye kishimo cha molekuli jirani. Jirani naye ana valini yake, anamshika mwingine, hadi zinajijenga nyuzinyuzi ndefu na ngumu zinazoisukuma chembe nyekundu ya damu iwe kama mundu. Sababu ni ileile iliyokunja protini, yaani maji kuyakusanya mafuta, ila safari hii molekuli mbili ndizo zimekunjwa pamoja.

Je, kosa ni kupoteza chaji au kupata mafuta? Angalia hemoglobini C. Nafasi ileile ya 6, glutameti imekuwa lisini. Chaji imepinduka kabisa kutoka hasi hadi chanya, badiliko kubwa kuliko la selimundu, lakini nyuzi zile hazijengeki, kwa kuwa lisini nayo imeridhika na maji. Kwenye kipimo cha elektroforesisi chenye pH 8.6, hemoglobini ya kawaida inakimbilia ncha chanya mbele ya zote, ya selimundu, yaani S, inafuata, C inaburura nyuma. Pauling na wenzake waliiona tofauti ya S mwaka 1949, kabla Ingram hajaonyesha ni asidi amino gani iliyobadilika. Mwendo kwenye jeli unakuonyesha chaji. Haukwambii nani ataumwa zaidi.

Histidini ina chaji au haina?

Kwenye pH 7.4, ukichukua pKa, yaani pH ambayo nusu yake zina chaji, kuwa 6.0, takriban moja kati ya 26 ina chaji chanya. Hiyo ni histidini iliyo huru majini. Ndani ya protini majirani wanaisogeza pKa, juu au chini. Na ukiikuta ndani kabisa, usiihamishe nje ili kulinda orodha yako. Mioglobini, protini inayoshika oksijeni kwenye misuli, ina asidi amino 153, kiini chake kimejaa mafuta, na humohumo zimo histidini mbili zilizosimama upande huu na huu wa hemu, kipande chenye chuma kinachoshika oksijeni. Moja imeishika chuma, nyingine inalinda nafasi ya oksijeni. Kitu chenye chaji au kinachopenda maji kikikaa ndani, jiulize kinafanya kazi gani. Mara nyingi umegusa mahali penye shughuli.

Na protini za kwenye utando wa seli, ni kugeuza tu, mafuta nje na polari ndani?

Hilo la kugeuza linakaribia kweli kwa protini za bakteria ziitwazo porini, ambazo ni pipa lenye maji katikati. Kwa heliksi zinazopenya utando, tafuta mfululizo wa kama 20 za mafuta, unene wa sehemu ya mafuta ya utando, ukiwa na lisini na arginini zaidi upande wa sitoplazimu. Triptofani na tirosini utazikuta mpakani, pale mafuta yanapokutana na maji, na baada ya yote niliyosema juu yake hutaniuliza kwa nini.