Kugawa dakika kwa alama kwenye mtihani wa masoko

"Mtihani ni wa saa 3: maswali mafupi 10 ya alama 4, insha 3 za alama 20. Nigaweje muda?"

Ndugu, tenga kwanza dakika 20 za kusoma maswali na kuhakiki. Zinabaki 160 kwa alama 100, yaani swali fupi dakika 6 hivi, insha 32. Wengi huzama kwenye swali la mchanganyiko wa masoko, wakajaza ukurasa kwa alama 4 tu. Bidhaa, bei, usambazaji na promosheni, sentensi moja kila kimoja, yatosha. Kwenye insha, dakika 5 za mwanzo panga hoja. Dakika 32 zikiisha, acha nafasi uhamie nyingine. Alama za mwanzo za insha mpya hupatikana upesi kuliko za mwisho za ile uliyoiacha.