Barua ya mgane kwa mkewe: mambo niliyofundishwa na mjomba wangu wa Mikindani

Mara ya kwanza nilipoiandika ile barua, ilifika maneno 1,400, na ndani yake neno "unakumbuka" lilikuwamo mara 11. Sikuona ubaya wowote. Hadithi yenyewe ilikuwa ya maneno kama 6,000, ya mkulima wa korosho wa Tandahimba aliyefiwa na mkewe, na binti yao Somoe anayerudi kutoka Dar es Salaam kumtazama baba. Barua ndiyo niliyoipenda kuliko sehemu zote. Nikaenda nayo Mikindani kumsomea mjomba wangu, ambaye naye ni mgane, huu mwaka wa sita.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mjomba, huyu bwana anamhadithia nani? Hiyo siku ya harusi, mkewe si alikuwapo?"

Nilirudi nyumbani nikaisoma tena kwa sauti, kalamu mkononi. Kila palipokuwa na "unakumbuka" nilipiga mstari, na kila palipopigwa mstari palikuwa na jambo ambalo mke analijua vizuri: walikutana wapi, mahari ilikuwa kiasi gani, mtoto wa kwanza alizaliwa lini. Mambo hayo nilikuwa nawapa wasomaji wangu, huku nikijifanya yule mzee anamwandikia mkewe. Kama nawe unaandika barua ya namna hii, anza kwa kulitafuta neno hilo. Msomaji akihitaji kujua habari za harusi, zitie kwenye hadithi kabla ya barua, kwa mdomo wa shangazi au jirani. Barua iachie yale ambayo marehemu hayajui, na kwa mtu aliyefariki hayo ni mawili tu: yaliyotokea baada yake, na yale ambayo mumewe hakuwahi kumwambia.

Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi la kumlilia. Shairi la namna hiyo ni la kusikika na watu, kwa hiyo linaweza kumsifu marehemu waziwazi. Barua ina msomaji mmoja. Mzee wangu hana haja ya kumwambia mkewe kwamba alikuwa mwema.

Basi nikamuuliza mjomba, kama ungemwandikia shangazi leo, ungemwambia nini? Nilitegemea maneno mazito. Alinyamaza kidogo akasema, "Ningemwambia wale wenzake wa upatu walikuja." Hakuendelea, nami sikumchimba. Lakini hapo ndipo hadithi yangu ilipofunguka. Hii hapa barua jinsi ilivyo sasa, yote:

*Kwa mama Somoe,*

*Salamu nyingi kama mchanga wa baharini. Mimi huku sijambo, hofu ni kwako wewe*

*Zamu yako ya upatu imefika. Walikuja wote Jumapili baada ya arobaini, mama Likunama mbele, wakakaa mkekani wakanipa laki moja na ishirini. Nikawaambia mwenzenu alitoa mara sita tu. Wakasema zile sita zilizobaki wamekutolea wao. Nimezihesabu mara moja, nikazifunga kwenye kanga yako ile iliyoungua pembeni. Hukuniambia ulitaka kununua nini. Nami sikukuuliza, nikidhani upatu ni mambo yenu wanawake. Somoe anataka mabati. Labda nawe ulitaka mabati, labda ulitaka kitu chako mwenyewe. Sitaki kukununulia usichokitaka.*

*Korosho nimezianika siku tatu. Nikazitikisa sikioni kama unavyofanya, nikasikia zinagonga, ndipo nikazipeleka. Zote zimekwenda daraja la kwanza.*

*Kanga ipo mahali pake. Ukiniambia, hata ndotoni, nitakwenda dukani siku ile ile.*

*Ndimi mumeo.*

Tazama pale mwanzo. Mzee huyu alifundishwa kuandika barua kama wengi wa rika lake, kwa salamu zilizokaririwa, na salamu zile zina sentensi kamili: hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Anaianza kwa mazoea, mkono unakwenda wenyewe, halafu anafika kwenye maneno ambayo safari hii ni ya kweli. Hawezi kuyamaliza. Mwanzoni niliongeza sentensi ya kueleza kwamba machozi yalimtoka, kisha nikaifuta. Msomaji yeyote wa Kiswahili aliyewahi kuandika barua shuleni anaimalizia sentensi ile mwenyewe, na anapoimalizia ndipo inapomchoma.

La pili ni nyakati. Mbele ya watu mzee anasema "marehemu" na "alikuwa", na nimehakikisha anasema hivyo mara mbili tatu kabla ya barua kuonekana. Ndani ya barua neno marehemu halimo kabisa, na kwenye korosho anateleza: "kama unavyofanya", si "kama ulivyokuwa ukifanya". Kuteleza huko kuwe mara moja tu. Rasimu ya pili nilimtelezesha kila mstari, ikawa kama mzee amerukwa na akili, na mjomba akachukia.

Jambo lililonisumbua zaidi lilikuwa mahali pa kuiweka. Kwanza niliiweka mwisho kabisa, hadithi ikawa ni njia ndefu ya kupeleka watu kwenye kilio. Nikaihamishia mwanzo, wasomaji wakakutana na upatu, kanga na Somoe bila kumjua yeyote kati yao. Sasa ipo baada kidogo ya katikati, na kilichonionesha mahali pake ni swali. Kabla ya barua nimeweka ugomvi. Somoe anaona paa linavuja, anamwomba baba wanunue mabati, baba anasema hana hela. Jioni ile ile, kisimani, mwanamke mmoja anamwambia, "Zile hela za mama yako tulimpa baba mkononi." Somoe anaanza kumwona baba yake bahili, pengine mwongo. Kesho yake anatafuta stakabadhi za korosho za chama cha msingi kwenye sanduku la bati, anakuta bahasha. Barua inakuja kujibu swali ambalo msomaji tayari analo, kwa hiyo hahisi amesimamishwa njiani ili aoneshwe huzuni.

Bahasha nayo ifikirie. Barua ya mtu aliyekufa haina pa kupelekwa, na ukiiacha bila bahasha itafanana na kumbukumbu za daftarini. Mzee wangu ameandika sanduku la posta la shemeji yake wa Temeke, alikokuwa akimwandikia mkewe miezi ile alipokwenda kutibiwa. Hakubandika stempu. Na kwa kuwa bahasha inataka jina kamili, Somoe anaona mwandiko wa baba ukiwa na jina la mama yake, Hadija. Maisha yake yote hajapata kumsikia akilitamka.

Baada ya barua nilikuwa na kurasa mbili za kukumbatiana na kusameheana. Nimezitoa. Somoe anairudisha bahasha chini ya stakabadhi, anakwenda barazani alipo baba anafumua kamba ya gunia, anakaa. "Baba, mabati tutangoja msimu." Baba anasema, "Haya." Hadithi inaishia hapo.

Mwezi uliopita nilimsomea mjomba toleo hili. Alipotulia aliniuliza kama yule mzee alizitumia zile hela baadaye. Nikamwambia sijaandika hilo. Akaitikia kwa kichwa, akainuka akaingia chumbani, akakaa huko kitambo, na aliporudi alinikaribisha chakula.