Kabla hamjaondoa alama ya CC Fixed: maneno kwa wanaoanza kupanga stoo kwa ABC

Wadogo zangu wa stoo na wa manunuzi, Jumatatu hii wawili kati yenu wameniletea karatasi iliyochapwa vizuri, yenye matokeo ya mwaka mzima ya MIBC, programu ya SAP inayozipanga bidhaa katika A, B na C kwa thamani ya matumizi yake, na mbele ya bidhaa 46 wameweka mstari mwekundu pamoja na maelezo kwamba "hizi zinaharibu asilimia, tunaomba ruhusa ya kuziondolea CC Fixed", yaani alama inayoizuia MIBC kuibadilisha herufi ya bidhaa. Nilicheka kwanza, kisha nikanyamaza, kwa sababu karatasi ya namna hiyo hiyo niliiandika mimi miaka kadhaa iliyopita, nami sikuomba ruhusa ya mtu. Kwa hiyo nimeona niyaandike haya mara moja, ili nisiyarudie kila Julai.

1. Fahamuni kwanza kwamba kuna herufi mbili, si moja. Katika kumbukumbu ya bidhaa, herufi inayoamua ni mara ngapi tunahesabu iko kwenye ukurasa wa Plant data / stor. 1, na hiyo ndiyo MIBC inayoibadilisha. Ile ABC Indicator iliyo kwenye ukurasa wa MRP 1, ambayo watu wa manunuzi huichuja ili wajue wafuatilie oda ya nani kwanza, haiguswi na MIBC hata kidogo. Ndiyo maana bidhaa inaweza kuwa A stoo na C kwa mnunuzi, na kila mmoja akamwona mwenzake mzembe. Mkibadilisha moja, semeni kwa upande wa pili.

2. Asilimia za makundi hazipangwi kwa kufuata kitabu, hupangwa kwa kufuata miguu ya wahesabuji. Stoo yetu ya vipuri ina bidhaa 4,200. Tukiwa na A 300 zinazohesabiwa mara 12 kwa mwaka, B 800 mara 4 na C 3,100 mara 1, jumla ni hesabu 9,900, ambazo zikigawanywa kwa siku 250 za kazi zinakuwa kama 40 kwa siku. Wahesabuji wawili wanazimaliza kabla ya chakula cha mchana na kubaki na muda wa kuchunguza tofauti. Aliyependekeza A ziwe 600 "ili tuwe makini zaidi", akizichukua hizo 300 za nyongeza kutoka B, ajue kwamba ameongeza hesabu 2,400, na kwamba nyaraka za kuhesabia ambazo MICN itazalisha zitaanza kulala bila kujazwa kabla ya mwezi wa pili.

3. Bidhaa iliyoruka kutoka C hadi A kwa mkupuo mmoja ishukuni kabla ya kuiheshimu. Mwaka juzi grisi ilipanda hivyo. Tunainunua kwa pipa la kilo 180 kwa shilingi 2,160,000, yaani shilingi 12,000 kwa kilo, lakini oda moja iliandikwa kilo 1 kwa bei ya pipa zima, na pipa likapokelewa kama kilo 1. Zilizokuwapo zilikuwa kilo 60 za shilingi 720,000. Baada ya mapokezi hayo mfumo ukaona kilo 61 zenye thamani ya shilingi 2,880,000, na bei ya wastani ikawa zaidi ya shilingi 47,000 kwa kilo. Kwa kuwa MIBC huzidisha matumizi kwa bei iliyopo, kilo 540 za mwaka zilizostahili kuwa milioni 6 na nusu zilionekana kuwa zaidi ya milioni 25. Grisi haikuwa imepata cheo. Ilikuwa imekosewa kipimo. Orodha ya matokeo inaonyesha herufi ya zamani na mpya kwa kila bidhaa, basi isomeni yote kabla ya kuhifadhi.

4. Sasa nifike kwenye hizo 46.

Miaka hiyo, nilipokabidhiwa stoo ya kiwanda kimoja cha vinywaji, nilimkuta mzee mmoja aliyekuwa na wiki tatu tu kabla ya kustaafu. Alinionyesha rafu, funguo na kitabu cha usiku, akaniambia kwamba kuna vitu amevifungia herufi ya B, nisivifungue. Nikamwitikia kwa adabu, kama tunavyowaitikia wazee ambao tumekwisha kuamua kutowasikiliza. Alipoondoka niliendesha MIBC kwa matumizi ya miezi 12, nikakuta bidhaa zake zimerukwa kwa sababu ya alama ya CC Fixed, na kundi la B limejaa vitu vya bei ya chai: sili, o-ringi, fyuzi, kishikizo kimoja cha plastiki cha sensa. Mimi nilikuwa nimetoka darasani na grafu kichwani. Niliona huo ni uchafu. Nikaingia MM17, nikaziondolea alama zote kwa pamoja, nikaendesha MIBC upya, na karibu zote zikashuka C. Nikamtumia meneja mchoro uliopinda vizuri, akanipongeza.

Miongoni mwa zilizoshuka ilikuwamo sili ya shafti ya giaboksi ya mashine ya kujaza chupa, milimita 65 kwa 90 kwa 10, ya mpira wa vitoni. Bei yake ilikuwa shilingi 38,000 na matumizi yake ya mwaka vipande 6, yaani shilingi 228,000 kwa mwaka, kiasi ambacho mota moja ya umeme inakipita mara nyingi sana. Kwa hesabu ya fedha, C ilikuwa jibu sahihi kabisa. Mfumo ulionyesha zipo 4, na kiwango cha kuagizia kilikuwa 3.

Ingebaki B, ingehesabiwa Septemba. Kwa kuwa sasa ilikuwa C, zamu yake ilisogezwa hadi Mei.

Mwezi Agosti, usiku, fundi wa zamu alichukua mbili. Baada ya wiki chache mwingine akachukua mbili zilizobaki. Wote wawili waliandika katika kitabu cha usiku, kwa uaminifu, "sili ya gia 2", bila namba ya bidhaa wala namba ya kazi. Karani wa asubuhi, mbele ya aina zaidi ya mia za sili, hakujua atoe ipi, akaacha mstari ule kwa ajili ya "kuuliza baadaye". Hakuuliza. Bini ikabaki tupu na mfumo ukaendelea kusema 4.

Hapa ndipo pa kutazama kwa makini, kwa sababu wengi wenu mnadhani kuhesabu ni kazi ya stoo na kuagiza ni kazi ya mnunuzi. Bidhaa inayoagizwa kwa kiwango cha kuagizia haiangaliwi na macho ya mtu, inaangaliwa na MRP, sehemu ya mfumo inayopanga mahitaji ya kununua, na MRP haijawahi kuingia stoo. Inachojua ni salio la kwenye mfumo. Kila usiku ilisoma 4, ikalinganisha na 3, ikaona hakuna haja ya ombi la ununuzi. Ungefungua MD04, orodha ya salio na mahitaji ya bidhaa, usingekuta alama yoyote ya hatari. Mnunuzi hakukosea, kwani hakuletewa kitu. Kosa la salio lilikuwa limejificha mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nimeamuru pasitazamwe hadi Mei.

Sili iliyokuwa kazini ilianza kuvuja mwezi Januari. Fundi alikuja dirishani na fomu iliyojazwa kila kitu, namba ya bidhaa ikiwamo, nami nikamwambia kwa kujiamini kwamba zipo nne. Nakumbuka nilivyoivuta ile bini ya bluu: ilikuwa nyepesi hata kabla sijaitazama, na ndani mlikuwa na kipande cha karatasi ya mafuta iliyokuwa imefungia sili, basi. Nilizivuta bini sita za jirani. Nililala kifudifudi kutazama chini ya rafu. Fundi alisimama pale pale, hakusema neno, na ukimya wake ulinikera kuliko matusi.

Msambazaji alihitaji wiki sita. Laini ilisimama saa 31. Tulipata sili ya vipimo hivyo hivyo katika maduka ya vipuri ya Gerezani, ila ilikuwa ya naitraili, mpira usiostahimili joto la giaboksi ile kama vitoni. Tuliifunga kwa kuwa hatukuwa na jingine la kufanya. Ilidumu siku 9, kisha tukasimama tena, na safari hii mafuta yalikuwa yamefika sakafuni.

Niliulizwa maswali mchana kutwa. Nilifungua MB51, orodha ya mapokezi na utoaji, mbele ya meneja, na utoaji wa mwisho wa 261, yaani wa kutolea kazi, ulikuwa wa Julai. Kisha nikaingiza hesabu sifuri, nikafunga tofauti kwa MI07, na mfumo ukaandika 702, yaani upungufu wa hesabu, vipande 4, shilingi 152,000. Hiyo ndiyo hasara iliyoingia katika vitabu. Saa 31 hazikuandikwa popote kwenye stoo, na ndiyo sababu ripoti ya tofauti za hesabu ya mwaka ule inaonyesha kwamba nilifanya kazi nzuri.

Jioni nilimpigia mzee. Hakunicheka. Aliniuliza tu kama na kishikizo cha sensa nimekishusha.

5. Uchambuzi huu wa ABC ulitoka General Electric, ambako H. Ford Dickie aliuandikia mwaka 1951, na lengo lake lilikuwa wazi: kuwahi fedha nyingi kabla ya senti. Kwa fedha iliyolala rafuni unafanya kazi yake vizuri mno, na mkitaka kujua ni oda zipi za kujadili bei na kupunguza akiba, fuateni A bila kusita. Ila matumizi kwa bei hayana safu ya "mashine itasimama". Safu hiyo huongezwa na watu. Sisi tunatumia V, E na D: V ni kile ambacho kikikosekana laini inasimama siku hiyo hiyo, E ni kile kinachovumilika kwa muda, D ni kile ambacho hakuna atakayekipigia simu. V yoyote haiendi chini ya B katika kuhesabu, hata iwe ya shilingi 500, na inafungiwa hapo kwa CC Fixed. Anayetaja V ni watu wa matengenezo, si stoo. Na wakikuletea V 900, warudishie, waambie wachague upya, kwani sisi tuna miguu ya hesabu 40 kwa siku.

6. Bidhaa mpya haina historia, kwa hiyo MIBC itaitupa C. Ipangieni herufi kwa mkono hadi itimize mwaka. Na kipindi cha matumizi kisipungue miezi 12, la sivyo vipuri vya matengenezo makubwa ya Juni havitaonekana.

7. Tofauti ikitokea kwenye C, msikimbilie MI07. Fungueni kwanza kitabu cha usiku.

Kuhusu karatasi yenu, mstari mwekundu umegusa bidhaa 46, nami nimezipitia pamoja na msimamizi wa matengenezo jana alasiri. Tisa kweli hazina maana tena, kwa kuwa mashine yake iliuzwa. Hizo ziondoleeni alama leo. Nyingine 37 zibaki zilivyo. Sili ya namba 19 katika orodha yenu ina vipimo vya 65 kwa 90 kwa 10, na kabla hamjaja kubishana nami, nendeni mkavute bini yake.