Lori linabaki "siku 8" kila wiki

"Ripoti ilisema lori lina siku 8 kabla ya sevisi. Wiki imepita, bado inasema 8. Nimekosea wapi?"

Tatizo ni TODAY() kwenye fomula ya ripoti yako. Usipoingiza kilomita mpya, hesabu inaanza upya kila asubuhi na zamu haifiki kamwe. Anzia siku odometa iliposomwa (F2):

```
=MIN(D2+180, F2+(B2+10000-C2)/E2)
```

Inatoa tarehe ya sevisi ijayo: kila kilomita 10,000 au siku 180, kinachotangulia. D2 ni tarehe ya sevisi iliyopita, B2 odometa ya siku hiyo, C2 ya sasa, E2 wastani wa kilomita kwa siku. Lori lililofanyiwa sevisi kwenye 142,000, sasa 149,600, likitembea 300 kwa siku, limebakiza siku 8 tangu odometa isomwe. Kufuata tarehe tu ni sawa kwa gari linalolala yadi. Usomaji ukipita wiki, tafadhali usiliweke lori rangi ya kijani kwenye ripoti, mpigie dereva.