Kwa nini maji hayana mshindani

"Wakuu, mitandao ya simu tunachagua. Kwa nini maji ni mamlaka moja tu, tena bei hadi mdhibiti, EWURA, aidhinishe?"

Mkuu, jibu liko chini ya ardhi. Chukulia mtaa wa nyumba 200, na kulaza bomba ni shilingi milioni 100. Kampuni ikiwa moja, kila nyumba inabeba laki 5. Ikija ya pili na bomba lake, wakagawana wateja nusu kwa nusu, kila nyumba inabeba milioni 1 kwa maji yaleyale (na barabara imechimbwa mara mbili!).

Basi mtoa maji mmoja ni nafuu. Ila huyo mmoja anajua huna pa kukimbilia. Akipandisha bei utalipa tu. Ndiyo maana lazima apeleke maombi na hesabu zake kwa mdhibiti, na wananchi wasikilizwe.

Kazi ngumu ni kujua gharama ipi ni halali. Akirudishiwa kila shilingi anayodai, hana haraka ya kuziba bomba linalovuja, kwa sababu maji yaliyomwagika unayalipia wewe. Mdhibiti makini huweka kikomo cha upotevu unaoruhusiwa kuingia kwenye bei. Upotevu ukizidi hapo, hasara ni ya mtoa maji mwenyewe.