Wifi yako si Bonge

*Bibi, mimi na wifi yangu hatuna shida. Siku ya arobaini ya mwanangu alikuwa anatoka jikoni na sinia la pilau, nikamwita "Bonge", utani tu, wageni wote wakacheka. Tangu hapo haji kwangu, na mume wangu amenuna. Kwani wifi si mtani? Mbona mimi namvumilia, mtu ambaye ukimpigia simu anajibu "nafika sasa hivi", halafu anaingia baada ya saa mbili! Nipe jina la utani atakalolipenda.*
*Mama Kichanga, Morogoro*

Pole kwa kununiwa. Sasa tusemezane.

Wageni wote walicheka. Wifi yako je? Hukumtaja. Dada wa watu ameshinda kwenye moshi akimpikia mwanao, ujira wake ukawa kutangaziwa mwili mbele ya ukumbi. Mumeo ana haki ya kununa, nami nanuna naye. Na hizo saa mbili zimetokea wapi katika barua ya watu wasio na shida? Una kinyongo, mwanangu, umekivika kanga ya utani.

Wifi ni mtani, sikatai. Ila wake wa siku hizi mnachukua utani mnaacha adabu yake: mtani humtania mwenzie kwa jambo ambalo naye anaweza kulijibu. "Bonge" atalijibu nini?

Jina linaloganda huokotwa kinywani mwa mwenyewe. Rais Ali Hassan Mwinyi alipofungulia biashara, watu walimwita Mzee Ruksa, kwa neno lake mwenyewe. Hakulikataa. Kitabu cha maisha yake kilipotoka mwaka 2021, jina hilo lilikuwa kwenye jalada.

La wifi yako umeniandikia bila kujua: Sasa Hivi. Watoto wataliweza, "Shangazi Sasa Hivi". Linamgusa kwenye tabia anayoweza hata kuiacha kesho, na siku akiwahi ndiyo litachekesha zaidi.

Lakini kwanza nenda kwake, bila wageni, umwombe radhi kwa lile la arobaini. Usiende na jina jipya mkononi kama mchuuzi. Siku atakapokuja tena kwa kuchelewa, mfungulie mlango useme, "Karibu, Wifi Sasa Hivi," kisha umpe chai na unyamaze. Mara moja tu. Akicheka kwa meno tu, macho yakabaki makavu, au akageukia simu yake, lizike hapohapo. Akirudisha, "Sasa Hivi ana njaa," limeshika, na si lako tena. Usilisukume; wasipolisema watu wengine wiki mbili tatu, limekufa.

Naye akikutunga lako, lipokee. Kwa barua hii mimi ninalo tayari moja, ila namwachia yeye.