Riba ya Benki Kuu Imeshuka: Isome Hivi Taarifa Kabla Hujaenda Kuomba Mkopo

Nawafanyia hesabu wafanyabiashara wadogo na wa kati, na kila Benki Kuu ya Tanzania inapotangaza riba napigiwa simu. Julai 2025, Gavana Emmanuel Tutuba alipotangaza kwamba riba imeshushwa kutoka asilimia 6 hadi 5.75, mama mmoja anayeuza vitenge Kariakoo aliniuliza swali ambalo wengi walikuwa nalo: "Mwanangu, redio inasema riba imeshuka. Mkopo wangu wa benki unapungua lini?"

Nilimwomba anipe muda tuisome taarifa yenyewe. Kichwa cha habari hutoa namba moja, lakini anayepanga kukopa, kuagiza mzigo au kununua hatifungani anahitaji zaidi sababu iliyoandikwa chini ya ile namba, pamoja na masharti yaliyofichwa ndani ya sababu hiyo.

Kwanza tuiweke namba mahali pake. Tangu Januari 2024 Benki Kuu inaendesha sera yake kwa kutumia riba. Kabla ya hapo ilikuwa inalenga ujazi wa fedha kwenye uchumi. Riba ya Benki Kuu, ile inayoandikwa CBR, ilianza na asilimia 5.5, na Kamati ya Sera ya Fedha huipitia kila robo mwaka. Riba hii inalenga soko ambalo wewe na mimi hatuingii: soko la mabenki yanayokopeshana yenyewe kwa yenyewe, hasa mikopo ya siku saba. Benki Kuu huongeza au kupunguza ukwasi, yaani fedha zilizopo kwenye mabenki, ili riba ya soko hilo isizidi wala kupungua kwa zaidi ya asilimia 2 kutoka kwenye namba iliyotangazwa. Kwa hiyo 5.75 maana yake ni kwamba mabenki yanatarajiwa kukopeshana kati ya asilimia 3.75 na 7.75.

Mfanyabiashara wetu analipa karibu asilimia 16. Kati ya riba ya mabenki na riba yake kuna gharama za benki kupata fedha za wateja, gharama za kuendesha matawi, hofu ya mkopo kugeuka chechefu, na faida. Kamati haivigusi vitu hivyo moja kwa moja. Halafu mkataba wake ni wa riba isiyobadilika, na mikataba mingi ya mikopo ya biashara ndogo iko hivyo hivyo.

Tuseme hata hivyo benki ingempa punguzo lote la asilimia 0.25. Kwa mkopo wa shilingi milioni 10 wa miaka mitatu, marejesho kwa asilimia 16 ni kama shilingi 351,600 kwa mwezi. Kwa asilimia 15.75 ni kama 350,300. Tofauti ni kama shilingi 1,200, yaani haifiki hata nauli zake za siku mbili za kwenda na kurudi dukani kwa bajaji. Nilipomwonyesha hesabu hiyo, swali la "unapungua lini" liliisha, likaja la maana zaidi: kwa nini wameshusha sasa, na je, wataendelea?

Hapo ndipo taarifa inapoanza kuwa na kazi. Nina desturi ya kuchapisha taarifa mbili, mpya na iliyotangulia, nikaziweka mezani kando kwa kando na kalamu mkononi. Sehemu kubwa ya maneno hujirudia, na yale yanayojirudia nayapita haraka. Kwa mfano, Kamati kusema itaendelea kufuatilia kwa karibu mwenendo wa uchumi ni sentensi ya kila siku. Napiga mstari palipoongezwa neno, palipoondolewa neno, au pale sababu iliyokuwa ya tatu imepandishwa ikawa ya kwanza. Taarifa za aina hii huandikwa kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu zinasomwa na mabenki, wawekezaji na mashirika ya nje. Neno likibadilika, chukulia kwamba limebadilishwa kwa makusudi.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni Aprili 2024. Mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 3.0, kwenye mpaka wa chini wa lengo la Benki Kuu la asilimia 3 hadi 5. Ukiangalia namba hiyo peke yake, ungetegemea riba ibaki au hata ishuke. Kamati ikaipandisha kutoka 5.5 hadi 6. Watu wengi walishangaa, lakini sababu ilikuwemo kwenye taarifa: walikuwa wanaangalia misukosuko ya uchumi wa dunia na athari zake kwa bei zitakazokuja. Wakati huo shilingi ilikuwa inapoteza thamani dhidi ya dola na waagizaji walikuwa wanahangaika kuzipata dola zenyewe. Shilingi ikidhoofika, mafuta, ngano, mbolea na vitenge vya kuagiza hupanda bei baada ya miezi kadhaa, hata kama leo soko limetulia. Riba ikipanda, mtu anapata sababu ya kushika shilingi badala ya kukimbilia dola.

Ndiyo maana aya ya mwelekeo wa mfumuko wa bei ina uzito kuliko aya ya mfumuko wa sasa. Uamuzi wa riba huchukua muda kufika kwenye bei za dukani, kwa hiyo Kamati inaamua kwa kutazama bei za miezi ijayo. Ukiona mfumuko uko chini lakini riba haishuki, nenda moja kwa moja kwenye aya ya mwelekeo, utakuta kinachowazuia.

Sasa tuje kwenye lugha yenyewe, maana ndiyo inayowachosha wasomaji. Sentensi ya kawaida husema kitu cha namna hii: mfumuko wa bei unatarajiwa kuendelea kubaki ndani ya lengo la asilimia 3 hadi 5, kutokana na uwepo wa chakula cha kutosha, utulivu wa thamani ya shilingi na usimamizi thabiti wa sera ya fedha. Ukiisoma mbiombio utaondoka na neno moja: utulivu. Mimi naisoma kwa kugeuza kila sababu iwe swali. Chakula kisipotosha itakuwaje? Shilingi isipotulia? Kila kinachokuja baada ya "kutokana na" ni nguzo inayobeba makadirio, na kwa kuitaja, Kamati yenyewe imekuambia ni wapi makadirio yanaweza kubomokea.

Angalia pia kile ambacho sentensi hiyo haijasema. Kati ya 3 na 5 kuna nafasi kubwa. Mfumuko ukitoka 3.2 ukafika 4.8, makadirio yatakuwa yametimia, lakini mama wa vitenge atakuwa ameona mabadiliko makubwa, na Kamati itakuwa na kila sababu ya kuacha kushusha riba. Kwa hiyo natafuta kama wametaja upande: karibu na kiwango cha chini, katikati, au "ndani ya lengo" tu. Wakiwa wametaja upande robo iliyopita na safari hii wameacha, hiyo napigia mstari mara mbili.

Maneno ya tahadhari nayo yana viwango vyake. "Umebaki" ni jambo lililokwisha kupimwa. "Unakadiriwa" mara nyingi huhusu kipindi kilichopita au kinachoendelea ambacho takwimu zake hazijakamilika, kama ukuaji wa uchumi wa robo iliyoisha juzi. "Unatarajiwa" ni la mbele, na linasimama juu ya zile nguzo. "Unaweza", "endapo" na "vihatarishi" ni mahali Kamati inapokiri kwamba kuna njia nyingine mambo yanaweza kupita. Watu huyachukulia maneno haya kama ukwepaji. Mimi nayaheshimu, kwa sababu hakuna benki kuu inayojua bei ya mafuta ya mwezi wa sita kutoka sasa, na inayojifanya kujua ingetupoteza wengi.

Turudi Julai 2025 tuisome kwa njia hii. Tangu Januari hadi Juni mwaka ule mfumuko ulikuwa kati ya asilimia 3.1 na 3.3, na Kamati ilisema inatarajia ubaki ndani ya lengo. Hiyo ndiyo iliyowapa nafasi ya kushusha. Lakini walishusha robo ya asilimia tu, nusu ya hatua waliyoichukua walipopandisha mwaka mmoja na zaidi uliotangulia. Ukubwa wa hatua nao ni lugha. Nilimwambia mama asipange mwaka wake kwa kutegemea mfululizo wa kushusha, na kweli Oktoba 2025 riba ilibaki 5.75.

Yeye alikuwa na ubishi wake: "Wanasema bei zimetulia, mbona sokoni mchele na maharage vinapanda?" Ubishi huo una haki. Mfumuko wa asilimia 3.3 maana yake ni kwamba kapu lililogharimu shilingi 100,000 mwaka jana sasa ni 103,300. Bei hazijashuka, zinapanda polepole. Isitoshe, kapu la Ofisi ya Taifa ya Takwimu linachanganya kodi ya nyumba, usafiri, nguo, simu na mengine, na vyakula pamoja na vinywaji visivyo na kilevi ni kama asilimia 28 tu ya uzito wake. Katikati ya 2025 vyakula vilikuwa vinapanda kwa kasi kuliko kapu zima, huku vitu vingine vya kwenye kapu vikipanda taratibu sana. Familia ambayo nusu ya kipato chake inaishia jikoni inaishi kwenye mfumuko mkubwa kuliko ule wa kwenye taarifa, na taarifa haijadanganya. Kwa sababu hiyo nashauri usome pia mstari wa mfumuko usiohusisha vyakula visivyosindikwa na nishati, maana Kamati huutazama sana. Chakula kikipanda kwa sababu ya mvua, riba haiwezi kuleta mvua. Lakini kupanda huko kukianza kuhamia kwenye nauli, ujira na huduma, hapo riba inayo kazi ya kufanya.

Baada ya kusoma, ninafuatilia zile nguzo kati ya taarifa moja na nyingine. Wiki ya pili ya mwezi hutoka takwimu za mfumuko za mwezi uliotangulia. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta. Thamani ya shilingi iko wazi kila siku kwenye tovuti ya Benki Kuu. Mama wa vitenge hununua mzigo kwa dola, kwa hiyo kwake shilingi ina uzito kuliko riba: ikipoteza asilimia 5 kabla hajalipia mzigo wa milioni 20, gharama yake inaongezeka kwa karibu milioni nzima, wakati punguzo lile la riba lingempa shilingi elfu kumi na kitu kwa mwaka. Tukakubaliana mkopo mpya asubiri, na alipie mzigo wa Desemba kwa awamu, kila awamu kwa bei ya dola ya siku hiyo.

Anayefikiria hatifungani za serikali za miaka 20 au 25 aisome taarifa hiyo hiyo kwa upande mwingine. Akiamini riba zitaendelea kushuka, ana sababu ya kufunga kiwango cha leo mapema. Ila ajiulize kama imani hiyo ameipata kwenye aya ya mwelekeo au kwenye kichwa cha habari, na ajue kwamba mnada wa hatifungani unafuata pia mahitaji ya serikali ya kukopa, jambo ambalo Kamati ya Sera ya Fedha haiamui.